Dakika tatu na mvutaji sigara: mwongozo wa kutumia hatua za mabadiliko kwenye kliniki yenye foleni

Wahudumu wapya wa kliniki za msingi huuliza maswali yaleyale kila mara. Foleni ni ndefu, ushauri wa sigara niuingize wapi? Mgonjwa akisema hana mpango wa kuacha, niendelee naye au nimwache? Nimeshajua yuko hatua gani, sasa nifanye nini? Mwongozo huu unajibu hayo matatu kwa mgonjwa mmoja wa kawaida: aliyekuja kwa jambo jingine, kama shinikizo la damu, kikohozi au kidonda, na anavuta sigara.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Hatua za mabadiliko zinakusaidia kuchagua maneno ya dakika tatu zijazo. Hazikusaidii kuamua nani apewe msaada na nani asipewe. Ukizigeuza kuwa mlango wa kuwachuja watu, utawaacha nje wengi ambao wangeacha sigara mwezi huohuo.

## Nadharia kidogo tu

Mfumo wa hatua za mabadiliko ulitokana na kazi ya wanasaikolojia wa Marekani, Prochaska na DiClemente, ambao mwaka 1983 walichapisha utafiti kuhusu watu wanaojiachisha sigara. Unawapanga wavutaji hivi:

- Bado: hana nia ya kuacha katika miezi 6 ijayo.
- Anatafakari: anafikiria kuacha ndani ya miezi 6, ila hajapanga.
- Anajiandaa: anataka kuacha ndani ya siku 30, na katika mwaka uliopita alishajaribu kuacha walau kwa siku nzima.
- Ameanza: ameacha, lakini haijafika miezi 6.
- Anadumisha: ameacha kwa zaidi ya miezi 6.

Kurudia kuvuta si hatua ya sita. Ni tukio linalomrudisha mtu kwenye mojawapo ya hatua za nyuma, mara nyingi kwenye kutafakari au kujiandaa.

Mfumo huu una mipaka, na ni vizuri uijue mapema. Hiyo miezi 6 na siku 30 ni mistari iliyochorwa na watafiti; mwili na akili za mgonjwa haziifuati. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2010 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupitia tafiti za afya, ulikuta kwamba ushauri uliopangwa kwa hatua haushindi ushauri wa kawaida wenye uzito uleule. Na utafiti wa Uingereza wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa karibu nusu ya majaribio ya kuacha hayakupangwa kabisa: mtu aliamka au aliudhika, akaacha papo hapo. Kwa hiyo mgonjwa aliyesema "bado" saa tatu asubuhi anaweza kusema "sawa, nianze" saa tatu na dakika tano. Uwe umejiandaa kwa hilo.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Si vingi, ila visipokuwepo siku ya kwanza utakwama.

- Nafasi ya kuandika hali ya uvutaji kwenye faili, palepale panapoandikwa uzito, joto na shinikizo la damu.
- Mtu mmoja wa mezani pa vipimo, mara nyingi muuguzi, anayejua maswali mawili yaliyo hapa chini kwa moyo.
- Orodha ya dawa za kuacha sigara zilizopo kweli kwenye duka la dawa la kliniki. Usimwahidi mgonjwa kitu kisichopatikana.
- Jina la mtu atakayepiga simu za ufuatiliaji, pamoja na saa maalumu ya kazi hiyo kila wiki. Kazi ya "sote" hubaki bila mwenyewe.
- Kipimo cha kaboni monoksidi, gesi ya moshi, kwenye pumzi ya mgonjwa, kama kipo. Kinasaidia, lakini kazi inafanyika hata bila hicho.

## Hatua kwa hatua

1. Uliza mezani pa vipimo, na uliza kwa namna inayoruhusu ukweli.

Muuguzi aseme: "Kati ya haya, lipi linakuhusu: unavuta kila siku, unavuta siku mojamoja, uliwahi kuvuta ukaacha, au hujawahi?" Akisema aliacha, aulize lini. Aliyeacha wiki tatu zilizopita anahitaji msaada kuliko karibu kila mtu mwingine kwenye foleni, lakini ukiuliza tu "unavuta?" atajibu "hapana" na kupita.

Kosa la kawaida hapa ni kuuliza kwa kukanusha: "Huvuti sigara, au?" Swali la namna hiyo limeshabeba jibu lake, na mgonjwa mwenye adabu atakuitikia tu.

2. Uliza maswali mawili ya kujua hatua.

Kwa anayevuta:

- "Mwaka huu uliopita, uliwahi kuacha kwa makusudi hata kwa siku moja nzima?"
- "Kuhusu kuacha, unajiona wapi: ndani ya mwezi mmoja, ndani ya miezi sita, au bado hujafikiria?"

Muuguzi aandike neno moja kwenye faili: bado, anatafakari, anajiandaa. Sekunde 30 zinatosha. Asianze kushauri; foleni ya vipimo ikisimama, zoezi zima litaachwa ndani ya wiki moja.

3. Ndani ya chumba, toa ushauri mmoja ulio wazi, kisha toa msaada hapohapo. Fanya hivyo kwa kila mvutaji, wa hatua yoyote.

Ushauri uhusiane na kilichomleta. Kwa mwenye shinikizo: "Baba, dawa hizi zinalinda mishipa yako, na sigara inaiumiza. Kuacha ndilo jambo kubwa zaidi unaloweza kuufanyia moyo wako, na mimi ninaweza kukusaidia. Tuna dawa za kupunguza hamu, na tutakupigia simu kukujulia hali. Tujaribu?"

Sehemu ya mwisho ndiyo wengi huiruka. Husema madhara, kisha hunyamaza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unapendekeza ushauri mfupi wa sekunde 30 hadi dakika 3 utolewe kwa kila mtumiaji wa tumbaku, na katika dakika hizo kitu cha kumkabidhi mgonjwa ni njia ya kuacha. Habari ya madhara kwa kawaida anayo tayari.

Baada ya ofa hiyo, jibu lake ndilo linalokuonyesha ufuate njia ipi kati ya zifuatazo. Jibu la sasa lina nguvu kuliko neno lililoandikwa na muuguzi.

4. Akisema "bado": dakika moja, bila ubishi.

Omba ruhusa: "Naweza kukuambia jambo moja kuhusu sigara na hiki kikohozi chako?" Akikubali, sema jambo hilo moja tu. Kisha uliza: "Nini kingekufanya ufikirie kuacha?" Sikiliza, andika maneno yake yalivyo, na umwambie kwamba utamuuliza tena akija.

Usimtolee hotuba ya saratani. Ukimsukuma mtu wa hatua hii, ataanza kutetea sigara kwa sauti yake mwenyewe, na kila anavyoitetea ndivyo anavyozidi kuiamini hoja yake. Ukijisikia umeanza kubishana, acha pale ulipofika.

Kuna mlango mwingine ambao haufunguliwi vya kutosha. Mtu asiyetaka kuacha anaweza kukubali kupunguza. Chingamu ya nikotini inaweza kushika nafasi ya baadhi ya sigara za siku. Pale ilipo vareniklini, kidonge cha kupunguza hamu ya sigara, upo utaratibu uliojaribiwa: apunguze idadi ya sigara kwa nusu ndani ya wiki 4, apunguze tena nusu ya zilizobaki ifikapo wiki ya 8, aache kabisa ifikapo wiki ya 12, huku dawa ikiendelea hadi wiki 24. Mtu aliyekataa neno "kuacha" mara nyingi halikatai neno "kupunguza".

5. Akisema "nataka, ila...": hapa tumia muda wako.

Huyu anatafakari, na ndiye mgonjwa ambaye dakika zako zinazaa zaidi. Ana sababu za kuacha na sababu za kuendelea kwa wakati mmoja. Kosa la mhudumu mgeni ni kumwongezea sababu za kuacha, wakati pengine tatizo lake haliko huko.

Tumia vipimo viwili vya 0 hadi 10:

- "Kuacha sigara kuna umuhimu kiasi gani kwako, 0 hadi 10?"
- "Ukiamua leo, una uhakika kiasi gani kwamba utaweza, 0 hadi 10?"

Kwa namba ndogo kati ya hizo mbili, uliza: "Kwa nini umesema 4, hukusema 1?" Zingatia mwelekeo wa swali. Ukiuliza "kwa nini 4 na si 9?", atakutajia vikwazo vyote na kujikatisha tamaa mwenyewe. Ukiuliza kwa nini si 1, atakutajia nguvu alizonazo, na atajisikia akizitaja.

Kisha amua hivi. Umuhimu ukiwa mdogo, zungumzeni kuhusu kinachomgusa yeye: pumzi anapopanda ngazi, mtoto mwenye pumu nyumbani, kidonda kisichopona. Umuhimu ukiwa mkubwa na uhakika mdogo, acha kabisa habari ya madhara. Mtu huyu amekwishakubali. Kinachomzuia ni hofu ya kushindwa tena. Mwulize jaribio lililopita lilivunjikia wapi na alitumia dawa gani. Mara nyingi jibu ni kwamba hakutumia dawa yoyote. Hapo una kitu kipya cha kumpa, na uhakika wake unaweza kupanda mbele ya macho yako.

6. Akisema "sawa": panga siku, pima uzito wa uraibu, toa dawa.

Siku ya kuacha iwe ndani ya wiki mbili. Ikienda mbali zaidi, hupotea. Akitaka kuanza leo, mwache aanze leo. Usimwambie kwamba bado hajapita hatua ya maandalizi.

Pima uzito wa uraibu kwa maswali mawili:

- Sigara ya kwanza baada ya kuamka: ndani ya dakika 5 (alama 3), dakika 6–30 (2), dakika 31–60 (1), baada ya saa moja (0).
- Sigara kwa siku: 31 au zaidi (3), 21–30 (2), 11–20 (1), 10 au pungufu (0).

Jumla ya 0–2 ni uraibu mwepesi, 3–4 wa kati, 5–6 mzito. Swali la sigara ya asubuhi lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwenye sigara nane kwa siku anayewasha ya kwanza akiwa bado kitandani atateseka siku za mwanzo kuliko mwenye kumi na mbili anayeanza saa nne.

*Plasta ya nikotini.* Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku aanze na miligramu 21 kila siku kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Anayevuta 10 au pungufu huanza na 14. Ibandikwe asubuhi ya siku ya kuacha, kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, na mahali pabadilishwe kila siku.

*Chingamu.* Miligramu 4 kwa anayevuta ndani ya dakika 30 tangu kuamka, miligramu 2 kwa wengine. Moja kila saa 1 hadi 2 katika wiki 6 za kwanza, bila kuzidi 24 kwa siku. Plasta pamoja na chingamu hufanya kazi kuliko mojawapo peke yake: plasta inatuliza siku nzima, chingamu inazima hamu inapopanda ghafla.

Mwonyeshe namna ya kutafuna, usimwelezee tu. Atafune polepole mpaka mdomo uanze kuwasha, kisha aiweke kati ya fizi na shavu hadi muwasho upungue, halafu atafune tena. Chingamu moja ni kama nusu saa. Akiitafuna kama peremende, nikotini inamezwa, inampa kwikwi na kiungulia, naye anakuja kukuambia dawa haifai. Asinywe kahawa, soda wala maji ya matunda dakika 15 kabla au akiwa nayo mdomoni, maana uchachu huzuia nikotini kupenya.

*Vareniklini.* Miligramu 0.5 mara moja kwa siku 3, kisha 0.5 mara mbili kwa siku 4, kisha 1 mara mbili hadi wiki 12 zitimie. Aanze wiki moja hadi mbili kabla ya siku ya kuacha. Kichefuchefu ndicho kinachowafanya wengi waiache. Aimeze baada ya chakula, kwa glasi kamili ya maji. Figo zikiwa dhaifu sana, dozi ipunguzwe.

*Bupropioni.* Miligramu 150 mara moja kwa siku 3, kisha mara mbili, kwa wiki 7 hadi 12. Usimpe mwenye kifafa au historia ya degedege, mwenye ugonjwa wa kujinyima au kujitapisha chakula, wala mtu anayeacha pombe nyingi kwa ghafla.

> Tahadhari. Mjamzito aanze na ushauri wa karibu. Dawa ziamuliwe na daktari wake. Aliyepata mshtuko wa moyo ndani ya wiki mbili zilizopita, au mwenye mapigo ya moyo ya hatari, asipewe nikotini bila daktari.
>
> Moshi wa sigara huliharakisha ini kuondoa baadhi ya dawa mwilini, na kazi hiyo hufanywa na moshi wenyewe, si nikotini. Mgonjwa wa klozapini, olanzapini au theofilini akiacha sigara, kiwango cha dawa hupanda ndani ya siku chache hata kama amebandika plasta. Wasiliana na anayemtibu *kabla* ya siku ya kuacha.

7. Mfuatilie mapema.

Wengi wanaorudi kuvuta hurudi katika siku nane za kwanza. Miadi ya mwezi mmoja peke yake humkuta mtu ameshavunjika zamani. Piga simu siku ya 2 au 3, tena siku ya 7, kisha wiki ya 2 na ya 4. Simu ya dakika mbili inatosha. Uliza mambo matatu: umevuta hata pafu moja? Dawa unaitumiaje? Saa gani ya siku ni ngumu?

8. Andika mstari mmoja kwenye faili.

Kwa mfano: "Anatafakari. Umuhimu 7, uhakika 3. Hofu: kushindwa tena. Amepewa plasta. Simu siku ya 3." Mhudumu wa zamu ijayo ataanzia hapo, badala ya kumrudisha mgonjwa kwenye "sigara ni hatari".

## Mfano mmoja kuanzia mwanzo

Mfano huu tumeutunga ili kuonyesha mtiririko. Mwanaume wa miaka 46 amekuja kuchukua dawa za shinikizo. Anavuta sigara 15 kwa siku, ya kwanza dakika 20 baada ya kuamka. Mwaka uliopita aliacha kwa siku nne. Muuguzi ameandika: anatafakari.

Daktari anatoa ushauri na ofa kama ilivyo kwenye hatua ya 3. Mgonjwa anajibu: "Daktari, nataka, ila mimi na sigara tumetoka mbali. Nilishajaribu, nikashindwa."

"Kuacha kuna umuhimu kiasi gani kwako, 0 hadi 10?"

"Saba."

"Na uhakika kwamba utaweza?"

"Tatu."

"Kwa nini tatu, hukusema sifuri?"

Anafikiri kidogo. "Kwa sababu zile siku nne nilizimaliza."

Saba kwa tatu: hahitaji kusikia tena habari ya mishipa. Daktari anauliza siku ya nne ilikuwaje. Ilikuwa jioni, baada ya chakula, akiwa na wenzake wa kazini wanaovuta, na hakuwa na dawa yoyote. "Basi ulipigana na arosto mikono mitupu," daktari anamwambia, "na ukazishinda siku ambazo ni ngumu kuliko zote. Safari hii tukupe kitu cha kukusaidia. Sasa uhakika ni ngapi?" Anasema sita.

Hapo, ndani ya dakika mbili, ametoka kwenye kutafakari na kuingia kwenye maandalizi. Daktari hamwambii akafikirie arudi. Uzito wa uraibu: dakika 20 ni alama 2, sigara 15 ni alama 1, jumla 3, wa kati. Anapewa plasta ya miligramu 21 na chingamu ya miligramu 4, chingamu moja ikitengwa kwa ajili ya dakika za baada ya chakula cha jioni. Wanachagua Jumatatu ijayo. Usiku wa Jumapili atatupa pakiti, viberiti na kisahani cha majivu, na kwa wiki mbili ataondoka mezani mara anapomaliza kula.

Simu ya siku ya 3: hajavuta, ila halali vizuri na anaota ndoto nzito. Anaambiwa avue plasta kabla ya kulala na abandike mpya asubuhi. Pia anaulizwa kuhusu kahawa. Anakunywa vikombe sita. Mtu akiacha kuvuta, ini lake huanza kuondoa kafeini polepole zaidi, hivyo vikombe vilevile humpa mtetemo na kukosa usingizi ambavyo yeye huvidhania kuwa arosto. Anashauriwa apunguze kwa nusu.

Siku ya 9 amevuta sigara moja kwenye msiba, na akavua plasta akihofia "kuchanganya". Hili ni kosa la kuzuiwa siku ya kwanza kwa kumwambia wazi: ukiteleza, plasta ibaki. Muuguzi anamwuliza alikuwa wapi, na nani, na chingamu zilikuwa wapi. Zilikuwa nyumbani. Mpango unabadilika kwa jambo moja: chingamu zikae mfuko wa shati, mahali pakiti ilipokuwa ikikaa. Siku ya kuacha haipangwi upya, anaendelea palepale.

Wiki ya 4 hajavuta tena. Faili linasomeka "ameanza", na linabaki hivyo hadi miezi 6. Plasta haikatwi kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa kuwa ipo. Anamaliza wiki zote 10.

## Ukikwama

Mgonjwa amesema "anajiandaa" ziara tatu mfululizo bila kuacha. Huyo anakupa jibu unalolipenda. Rudi kwenye vipimo viwili vya 0 hadi 10; karibu kila mara utakuta uhakika uko chini. Au mpe dawa leo bila kumdai siku, aanze kwa kupunguza.

Anatumia plasta, bado hamu inamtesa. Kwanza angalia kama imeshika kwenye ngozi na kama inabadilishwa kila siku. Kisha ongeza chingamu kabla ya kubadilisha dawa. Wengi hutumia chingamu tatu au nne kwa siku wakidhani wanajihifadhi. Hapo dozi ni ndogo mno.

Ngozi inawasha chini ya plasta. Wekundu mwepesi ni wa kawaida, na kubadilisha mahali kila siku hutosha. Ikitoka malengelenge au wekundu ukienea nje ya plasta, iachwe, atumie njia nyingine.

Anasema hajavuta, lakini unahisi moshi. Usimkabili kama mwizi. Kipimo cha kaboni monoksidi kinasaidia, ila kinaona saa chache tu: nusu ya gesi hiyo hutoka mwilini kwa takriban saa nne hadi tano, hivyo aliyevuta jana mchana anaweza kuonekana safi leo asubuhi. Moshi wa mkaa au wa magari nao hupandisha kipimo. Sema: "Watu wengi huteleza wiki hizi. Kama imetokea, dawa tunaiendeleza vilevile."

Hasira, huzuni na njaa. Arosto huanza ndani ya siku ya kwanza, hufika kileleni wiki ya kwanza, na hupungua sana kufikia wiki ya 2 hadi 4. Mpe kalenda hiyo mapema, kwa sababu mtu asiyeijua hudhani ndiyo hali yake mpya ya maisha. Huzuni ikizidi wiki hizo, au akitaja kujidhuru, mtathmini siku hiyohiyo.

Hakuna dawa kwenye kliniki. Endelea na ushauri, siku ya kuacha na simu. Wakati huohuo peleka ombi kwa wanaoagiza dawa, ukiwakumbusha kwamba tiba mbadala ya nikotini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na vareniklini pamoja na bupropioni ziliongezwa mwaka 2021.

Wenzako wameacha kuuliza. Chukua mafaili 20 ya wiki hii, uhesabu mangapi yana neno la hatua, na kati ya hayo mangapi yana ofa ya msaada. Hesabu ya kwanza ikiwa chini, tatizo liko mezani pa vipimo: pengine maswali yameongezeka yakazidi mawili, au fomu imebadilishwa. Ya kwanza ikiwa juu na ya pili chini, wahudumu wanaandika hatua na kuishia hapo. Rudini pamoja kwenye hatua ya 3, na kila mmoja aiseme ofa yake kwa sauti mara mbili tatu kabla ya kliniki kufunguliwa.